Barua ya Jumanne: shajara ya ratiba ya kusoma Hisabati kutoka Rombo hadi Karatu

Julai, wiki ya kwanza

Tuko watano, wote tunarisiti Hisabati ya kidato cha nne mwezi wa kumi na moja kama watahiniwa wa kujitegemea. Tulifahamiana kwenye tuisheni hapa Moshi, kisha kila mtu akarudi kwenye riziki yake. Mmoja yuko Rombo juu kabisa, anashuka Mkuu mara mbili kwa wiki kuuza ndizi na shangazi yake. Kaka mmoja yuko Same, analinda duka usiku. Dada mwingine yuko Usa River na simu anatumia pamoja na mdogo wake. Wa nne ni mama wa makamo anayefanya kazi jikoni kwenye kambi ya watalii Karatu. Mimi niko Moshi mjini. Siku hizi tunaitana kwa mahali: Rombo, Same, Usa, Moshi. Ila Karatu huwezi kumwita hivyo kavukavu, yeye ni Mama Karatu na kila ujumbe kwake unaanza na shikamoo.

Kutoka Mkuu hadi Karatu kwa basi siku inaisha njiani, kwa hiyo kukutana ana kwa ana tumeshakufuta. Wengi walitaka kikao cha video kila Jumapili saa kumi jioni. Tumekifanya. Rombo alisimama nje ya duka la Mkuu akisikia neno moja kati ya matatu. Usa bando lilikata katikati ya swali la pili. Same alikuwa anapiga miayo kwa sababu alitoka lindoni asubuhi. Baada ya saa moja nilifungua `Settings`, `Storage and data`, `Network usage` kwenye WhatsApp, nikakuta simu yangu imekula karibu MB 300. Tulichosoma ni swali moja na nusu.

Julai, wiki ya pili

Nimewapigia wote simu ya kawaida na kuwauliza mambo matatu tu. Unapata mtandao siku gani na saa ngapi? Unakaa nao kwa muda gani? Kitu gani huwa kinakunyima? Swali la tatu ndilo lililonipa mengi. Mtu ukimuuliza "una nafasi lini" atakwambia jioni. Ukimuuliza kinachomnyima, ndipo unajua kwamba jioni hiyo simu iko kwa mdogo wake.

```
Usa      Jumanne, Ijumaa      saa 2 usiku    dakika 40
Karatu   kila siku            saa 3 usiku    dakika 30
Same     kuamkia Jumatano     saa 6 usiku    hadi alfajiri
         na Jumamosi
Rombo    Jumatano, Jumamosi   saa 9 alasiri  saa moja
Moshi    wakati wowote
```

Ukikagua jedwali hilo kutafuta saa ambayo wote watano wako hewani, hakuna. Hata wanne huwapati. Same anatumia bando la usiku kwa sababu ni la bei nafuu na yuko macho kazini. Mama Karatu anatumia waifai ya kambini wageni wakishakula. Hakuna wa kumlaumu.

Lakini ukilisoma kwa kufuatisha siku, linaonyesha kitu kingine. Madirisha yanafuatana. Kitu kikitumwa Jumanne saa kumi na mbili jioni, Usa anakipata saa mbili, Mama Karatu saa tatu, Same saa sita usiku, Rombo kesho yake saa tisa alasiri. Ndani ya siku moja kimezunguka kote bila watu wawili kuwa hewani pamoja. Basi tumeacha kutafuta saa ya kukutana. Tunapanga nani anapokea baada ya nani.

Julai, wiki ya tatu

Rasimu ya kwanza ya ratiba ilikuwa hivi: Jumanne jioni natuma barua yenye maswali manane ya mada moja. Jumatano hadi Ijumaa kila mtu anayafanya kwenye daftari, data imezimwa. Ijumaa na Jumamosi majibu yanakuja. Jumamosi jioni natuma masahihisho.

Rombo ndiye aliyeona ilipovuja. Yeye anaondoka Mkuu saa kumi. Masahihisho yakitumwa saa kumi na mbili jioni, atayaona Jumatano, siku nne baadaye, wakati barua mpya tayari imefika na mada imeshahama. Wenzake hawaumii sana, kwa sababu kwao dirisha linalofuata haliko mbali hivyo au mtandao upo nyumbani. Yeye ndiye angekuwa nyuma kuliko wote kwa kila mada hadi Novemba.

Tumebadilisha kitu kimoja tu. Majibu ya wengine wote yawe yamefika kabla ya Jumamosi saa tisa. Rombo akifika Mkuu anatuma ya kwake kwanza, kabla hata ya kusoma chochote. Mimi niko tayari na masahihisho, nayatuma saa tisa na nusu, na nusu saa inayobaki ni yake: anasoma, anauliza, namjibu papo hapo. Hiyo nusu saa ndiyo wakati pekee katika wiki nzima ambapo watu wawili wanalazimika kuwa hewani pamoja. Mengine yote yanasubiri.

Kwa kuwa yeye ndiye mwenye pengo refu kuliko wote, kutoka Jumamosi hadi Jumatano, kasi ya kikundi ni kasi yake. Mada moja kwa wiki. Mama Karatu angeweza kwenda mada mbili, na amesema hivyo. Tumemwachia maswali ya ziada, lakini barua haiongezwi.

Agosti, wiki ya kwanza

Barua ya kwanza: asilimia, faida na hasara. Mitihani iliyopita niliyo nayo ni ya kupigwa picha, faili moja linafika MB 8, kwa hiyo sitazituma. Nayachapa maswali kwa mkono. Nayaacha kwa Kiingereza kama yalivyo kwenye mtihani, maelezo tu ndiyo tunaandika kwa Kiswahili. Maswali manane kwa maandishi hayafiki hata sehemu ndogo ya picha moja.

Majibu yalikuwa yanaingia kwenye grupu, na hapo pakatokea jambo. Swali la tatu, kwa kifupi, lilisema kitu kimepunguzwa bei kwa asilimia 20 na sasa kinauzwa shilingi 36,000. Bei ya mwanzo ilikuwa ngapi? Wengi hukosea kwa kuongeza asilimia 20 ya 36,000, yaani 7,200, wakapata 43,200. Kosa hilo watu wawili wanaweza kulifanya bila kuonana, ni kosa la njia. Ila mmoja alijumlisha vibaya akaandika 43,300, na waliomfuata wawili nao wakaandika 43,300. Kosa la kujumlisha halisafiri lenyewe kutoka Usa hadi Same.

Sikumtaja mtu. Nilitangaza kwamba kuanzia sasa majibu yanakuja kwangu binafsi, na kwenye grupu yanabaki maswali na masahihisho tu. Masahihisho ya swali hilo yalikwenda hivi: 36,000 ni asilimia 80 ya bei ya mwanzo, kwa hiyo `36000 / 0.8 = 45000`, na ukitaka kuhakikisha, asilimia 20 ya 45,000 ni 9,000, toa, unabaki na 36,000.

Agosti, wiki ya pili

Mahudhurio tumeyapata bila kuulizana. Kwenye grupu la WhatsApp tiki ya pili haitokei mpaka ujumbe ufike kwenye simu za watu wote. Barua inakaa na tiki moja usiku kucha, Jumatano saa tisa na dakika kadhaa Rombo anawasha data, tiki ya pili inatokea. Naiona hiyo najua barua imemaliza safari.

Ikichelewa, nabonyeza barua kwa muda, nachagua `Info`, naona nani imeshamfikia na nani bado. Aliyepokea bila kusoma ni habari tofauti na ambaye simu yake haijapata mtandao kabisa. Wa kwanza nasubiri. Wa pili nampigia, maana huenda chaji imeisha au bando limekatika. Na kama pembeni ya barua kuna alama ya saa badala ya tiki, tatizo liko kwangu, bado haijatoka Moshi.

Agosti, wiki ya nne

Jambo lililotuchukulia muda mrefu kuliko yote ni namna ya kuuliza. Same aliandika usiku wa manane: "Moshi, lile la logi sijalielewa." Nikamjibu asubuhi: lipi, na umefika wapi? Swali langu akaliona dirisha lake lililofuata. Jibu lake nikaliona asubuhi iliyofuata. Yaani kwa kuulizana "lipi" tu tulipoteza nusu wiki. Darasani hilo lingechukua pumzi moja.

Kwa hiyo anayekwama sasa anajaza mistari minne, na ujumbe usio na mistari hiyo haujibiwi. Hili ndilo swali lake lilivyorudi:

```
Same / barua 4 / swali 6
Swali: log(x+3) + log(x) = 1
Nimefanya: x^2 + 3x - 10 = 0, x = 2 au x = -5
Nimekwama: kitabu kinasema 2 tu. -5 imekwenda wapi?
```

Ukiwa na mistari hiyo huhitaji kumuuliza kitu. Unaona njia yake ni sahihi: logi mbili zikijumlishwa zinakuwa logi ya `x(x+3)`, na 1 ni logi ya 10, kwa hiyo `x(x+3) = 10`. Thamani mbili za x alizopata kwenye mlinganyo huo pia ni sahihi. Anachokosa ni hatua ya mwisho tu.

Jibu nalo lina umbo lake. Mstari wa kwanza ni dokezo: "Rudisha -5 kwenye swali la mwanzo, uangalie log(x)." Halafu naacha mistari mingi mitupu, ndipo naandika maelezo kamili: logi ya namba hasi haipo kwenye namba tunazotumia, kwa hiyo -5 inakataliwa hata kama mlinganyo wa pili unaikubali. WhatsApp ikikuta ujumbe mrefu inaukata na kuweka `Read more`, hivyo mtu anaona dokezo peke yake na maelezo yamejificha. Same alisema alikaa na dokezo, akatatua mwenyewe, akafungua kuhakikisha tu. Nikimtumia dokezo leo na jibu kesho, kwake kesho ni Jumamosi. Bora vyote viende pamoja, kimoja kikiwa nyuma ya pazia.

Picha za daftari tumeziruhusu kwa jiometri tu. Hata huko tumezipunguza: badala ya kutuma mchoro, natuma ncha zake, `A(1,2) B(5,2) C(5,6)`, kila mtu anauchora kwenye karatasi ya grafu. Usa anasema hapo ndipo alipojua kuchora. Mimi nadhani ni kwa sababu hakuwa na mchoro wa kutazamia.

Septemba, wiki ya kwanza

Usa hakutuma majibu mara mbili mfululizo. Anajiunga bando Jumanne saa mbili kasoro, saa mbili na dakika tano limeisha, na barua hajaifungua. Tulidhani mtandao unamwibia, na yeye alishaanza kuutukana. Nikamwomba afungue `Network usage`, achague `Reset statistics` kabla ya kujiunga, kisha aangalie tena bando likiisha. Karibu yote ilikuwa `Media`, yaani picha, sauti na video. Simu ni ya wawili, na mdogo wake yuko kwenye magrupu ya mpira na ya vichekesho. Data ikiwashwa, video za siku tatu zote zinashuka kwa pamoja.

Tulizima upakuaji wa wenyewe kwenye `Media auto-download`, sehemu ya `When using mobile data`, tukatoa alama kwenye picha, sauti, video na nyaraka. Kwenye Play Store pia tuliweka programu zijisasishe kwa waifai tu. Mdogo wake alilalamika siku moja, kisha akazoea kugusa video anayoitaka. Bando lilelile sasa linamfikisha Ijumaa.

Septemba, wiki ya tatu

Mvua imenyesha huko juu, mnara wa karibu na Rombo umekuwa wa kubahatisha. Mkuu nako Jumatano data haikuwepo, SMS zilipita. Rombo ana akili, aliandika majibu yote kwa SMS. Yalinifikia vipande vipande, na kila kipande kilimtoza.

SMS moja inabeba herufi 160, lakini ni kwa herufi za kawaida. Ukiweka alama moja tu isiyo ya kawaida, kama ² ndogo ya juu au √, ujumbe mzima unabadilishiwa mfumo na nafasi inashuka hadi herufi 70. Rombo aliandika x² mara moja katika swali la kwanza, na hiyo ilitosha. Sasa kwenye SMS tunaandika `x^2` na neno "kipeuo" badala ya alama ya √. Hata hiyo `^` inahesabiwa kama herufi mbili, lakini haikati ujumbe. Majibu ya maswali manane, bila salamu, yanaingia kwenye SMS moja:

```
R b7: 1)12 2)x=3,-1 3)45cm 4)0.25 5)y=2x-1 6)bado 7)18 8)60
```

"Bado" maana yake amejaribu akakwama. Nafasi tupu ingemaanisha hajagusa. Hizo mbili nazitenganisha kwa sababu anayeandika bado nitamtafuta kwa simu, dakika tano za kawaida, tuongee hatua moja.

Septemba, mwisho

Mama Karatu ametoweka usiku wa tatu mfululizo. Ni msimu wa wageni, kambi imejaa, jikoni wanatoka saa tano na waifai ya wafanyakazi inazimwa saa nne. Nilimpigia mchana: "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, nimechoka, lakini maswali ninayo, nimeyanakili." Kumbe barua ya Jumanne aliipata, akainakili yote kwenye daftari la mapishi, anafanya wakati maharage yanachemka. Kilichokosekana ni njia ya kurudisha tu. Tumemhamishia kwenye SMS kama Rombo mpaka msimu upungue, na Alhamisi saa nane mchana imekuwa dirisha la akiba kwa yeyote aliyekosa la kwake.

Oktoba, wiki ya kwanza

Mada zilizobaki ni mbili, lakini tumekubaliana barua za mwezi huu zisiwe za mada tena bali karatasi nzima, inayofanywa kwa muda wa saa tatu kama ya mtihani. Sharti ni kwamba kila mmoja anachagua saa zake mwenyewe: Same usiku lindoni, Mama Karatu Jumapili alfajiri, Rombo nyumbani ambako hata akitaka kuchungulia hakuna mtandao wa kumsaidia. Mtu anaandika kwenye kona ya karatasi saa aliyoanza na aliyomaliza, na anapiga mstari mahali alipofika saa tatu zilipokwisha. Akitaka kuendelea, aendelee chini ya mstari. Majibu ya juu ya mstari na ya chini nayapokea kando kando.

Karatasi ya kwanza imeonyesha kitu ambacho barua za maswali manane zisingeonyesha. Usa yuko vizuri kwa kila mada, lakini mstari wake umepita mapema mno. Alitumia karibu saa nzima kwenye maswali mawili ya kwanza. Same ni kinyume, alimaliza muda ukiwa umebaki, na makosa yake mengi ni ya alama za kutoa. Ratiba yao ya Jumatano hadi Ijumaa haitafanana tena: Usa anafanya maswali mafupi kwa kupimiwa muda, Same anarudia kazi yake ileile kwa kalamu ya rangi nyingine kabla ya kunitumia.

Oktoba, wiki ya pili

Nina msiba wa kwenda Mwanga, wiki nzima sitakuwa mtu wa kutegemewa, na Jumamosi saa tisa lazima mtu awepo kwa ajili ya Rombo. Usa amekubali kukusanya. Masahihisho ya karatasi ya pili nimeshamtumia leo kwake binafsi ili asije akayatafuta dakika za mwisho, na ameomba kitu kimoja: majibu ya Same yamfikie Ijumaa saa mbili usiku badala ya kuamkia Jumamosi, kwa sababu simu ataikabidhi saa tatu kasoro. Same amesema lindoni anaingia saa moja, atajiunga bando la siku Ijumaa hiyo, gharama tutachangiana.